Si Lazima Uje Mwenyewe

Matano hakuwa mtu wa kuzoeleka. Nasema hivyo mimi Mwantumu, niliyeuza chai na vitumbua miaka mingi kwenye kibaraza cha duka la Bwana Muhidini hapa Mbeya mjini, na Matano akiwa karani humo ndani. Alikuja kutoka Pangani na mke. Mke akashindwa na baridi, akarudi pwani kusalimia wazazi, na salamu zikawa ndefu mpaka wazee wake wakaandika kuomba talaka. Matano akaitoa, akaendelea kuvaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na kula peke yake. Kila asubuhi alinunua kwangu vitumbua viwili. Nikimwongeza cha tatu, alikirudisha kwenye sahani kwa adabu. Mtu wa namna hiyo anakera, na anasikitisha pia.

Bwana Muhidini alikuwa wakala wa cherehani kwa nchi yote ya huku juu, kuanzia kwetu hadi Iringa. Kila cherehani iliuzwa pamoja na karatasi ya dhamana, na karatasi ile ilikuwa balaa. Kampuni iliyoleta mashine ilikuwa Dar es Salaam, na huko mtu fulani alikuwa ameyageuza maneno ya Kizungu kuwa Kiswahili bila kupumua: ukurasa mzima mweusi wa maneno, "iwapo" imepanda juu ya "isipokuwa", hakuna pa kushika. Wateja waliikunja, wakaifunga kitambaa, wakaiweka sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo na hati za ndoa. Cherehani ikiharibika waliifungua na kuja nayo kwa Matano awasomee.

Hao ndio waliokuwa watu wake. Washonaji wa Tukuyu, wake za wachimbaji dhahabu wa Chunya, walimu wa misheni, wote walikaa kwenye benchi lake, naye akiwaeleza taratibu, sauti yake ikiwa imefunguka. Wakishaondoka alinyamaza tena. Nilikuwa namwonea huruma, ingawa mdomoni nilimtania tu.

Mwaka wa hamsini na sita akaja Mwanakhamisi, mtoto wa marehemu dada yangu, mjane, fundi wa nguo huko Iringa. Cherehani yake ya mkono aliinunua hapa hapa alipokuja kunitembelea, haikuwa imemaliza hata mwaka. Jino la gia lilikuwa limevunjika. Jirani yake Liberatus, fundi baiskeli, mtu mwema, alimwonea huruma, akaifungua mashine, akalichonga jino kwa tupa. Meno mengine mawili yakaondoka. Ndipo Mwanakhamisi akapanda basi, akalala njiani, akafikia kwangu.

Matano akaipokea, akaandika namba ya mashine, akapeleka gia Dar es Salaam na maelezo. Jibu likarudi: dai limekataliwa. Kipande kilichoguswa na fundi asiye wa wakala hakimo tena katika dhamana. Sehemu nyingine za mashine bado zimo, lakini gia ainunue mwenyewe.

"Mbona hamkuniambia?" Mwanakhamisi aliuliza.

"Imeandikwa, dada yangu."

"Wapi?"

Matano akachukua karatasi, akaanza kutafuta. Kidole chake kikashuka ukurasa mzima, kikapanda, kikashuka tena. Mwanakhamisi alikuwa amesimama anakitazama kile kidole. Mimi nilikuwa mlangoni na sahani yangu, nikaona shingo ya Matano inalowa jasho katika baridi ile. Alipolipata lile neno lilikuwa mstari wa tatu kutoka mwisho, limebanwa katikati ya habari za kutu na habari za mafuriko.

"Kwetu Iringa," Mwanakhamisi akasema bila hasira, "mtu hamkimbilii mwenye duka kabla hajamwita jirani. Angekuwa ni mchoyo Liberatus, ningelipwa. Wema wake ndio umeniponza."

Kesho yake Matano alimwambia Bwana Muhidini kwamba karatasi lazima iandikwe upya. Bwana Muhidini akacheka kwa pua.

"Wakiielewa, watadai wengi."

"Wanadai sasa hivi, Bwana, ila wanadai vibaya, wakati umepita au mashine imeshaguswa. Tunawakatalia, wanakwenda kusema sisi wezi. Wiki jana mtu wa Uyole alimzuia mwenzake asinunue. Nilimsikia kwa masikio yangu."

Hilo la kutonunua ndilo lililomwingia. Barua ikaenda Dar es Salaam, na huko wakakubali kwa sharti moja: lugha na mpangilio wabadilishe wapendavyo, lakini ahadi ibaki ile ile. Kisiongezwe kitu wala kupunguzwa, na kabla ya kupigwa chapa waione.

Gia mpya ilichelewa kuja, basi Mwanakhamisi akakaa kwangu. Kila alasiri alikwenda dukani. Matano aliikata karatasi ya zamani kwa mkasi, sentensi moja moja, akatandaza vipande juu ya meza na kuvichambua kama mchele. Kumbe ahadi yenyewe ilikuwa fupi. Chuma kilichovunjika kwa ubovu wa kutengenezwa, kama gia, mhimili au kile kichuma cha chini kinachobeba bobini ya uzi, kitabadilishwa bila malipo. Sindano, mkanda na kitu chochote kinacholika kwa kazi, hapana. Mashine iliyoangushwa au kunyimwa mafuta, hapana. Mipaka ya muda ilikuwa miwili, mmoja juu kabisa, mwingine chini kabisa, hata huwezi kuijua kuwa ni ndugu: mwaka mmoja tangu kununua, na siku thelathini za kutoa taarifa tangu kasoro ionekane. Akaiweka mahali pamoja.

Kisha alimjaribu. Alimpa Mwanakhamisi karatasi aliyoandika, akamwambia, "Gia imekatika. Nionyeshe ufanye nini." Akawa anatazama kidole chake kinakwenda wapi. Kikitangatanga, Matano aliufuta ule mstari na kuuandika upya, wala hakumlaumu msomaji. Ndivyo "Usiifungue, usimpe fundi mwingine" ilivyopanda juu kabisa kwa herufi kubwa, maana pale ndipo kidole chake kilipoanzia.

Siku nyingine akamuuliza, "Dhamana yako inaisha lini?" Mwanakhamisi akahesabu kwa Ramadhani, akapata tarehe ya karibu mno. Nikahesabu mimi kwa mavuno ya mahindi, nikapata yangu. Tukacheka mpaka Bwana Muhidini akachungulia. Matano akayafuta maneno "mwaka mmoja", akaacha nafasi tupu: "Dhamana hii inaisha tarehe…", ili karani aijaze kwa mkono siku ya kuuza. Huo mwaka kila mtu angeweza kuuona kwa macho.

Alikuwa anacheka, Matano. Alikula vitumbua vitatu. Alivua koti moja.

"Mwambie," nikamnong'oneza siku moja, Mwanakhamisi alipokwenda msalani. "Ngojangoja huumiza matumbo."

"Nimwambie nini, Bi Mwantumu?"

"Usinifanye mjinga."

Akainamia vipande vyake. Mwanakhamisi mwenyewe nilimuuliza usiku ule, akasema mwanamume anayemtaka mtu husema. Basi nikawa kati ya wawili, kila mmoja anamngoja mwenzake, na mimi si mtu wa subira.

Gia ikaja, Matano akaifunga, Mwanakhamisi akasafiri. Stendi alimwambia Matano, "Mashine ikisumbua nitakuja tena." Matano akasema, "Karibu." Karibu! Ningekuwa na mwiko ningemchapa.

Karatasi mpya ilikuwa bado haijaenda Dar es Salaam. Imeandikwa safi, na nilidhani imekwisha, lakini siku zilikwenda, nayo ilikuwa imelala pale mezani. Nikamuuliza kulikoni. Akanionyesha kipande kimoja cha karatasi ya zamani ambacho hakukiweka popote. Kilisema mdai awasilishe sehemu iliyoharibika kwa wakala, "kwa nafsi yake au kwa njia nyingineyo ya uchukuzi."

"Maana yake?"

"Si lazima mtu aje mwenyewe. Anaweza kutuma kile kipande tu, kwa basi au kwa posta, na namba ya mashine, na tarehe ya kununua. Hakuna anayejua. Hata mimi sikujua mpaka nilipoikata."

"Sasa mbona hukuandika?"

Akakigeuzageuza kile kipande. Mimi si mtoto, nilielewa. Dhamana ya Mwanakhamisi ilikuwa na miezi yake iliyobaki, na mashine ni chuma, huvunjika. Mtu mzima, mwenye swala tano, alikuwa anaiombea mashine ya mjane iharibike. Astaghfirullah. Nilitaka kumcheka, nikashindwa.

Ndipo akaja Andendekisye, mzee wa Makongolosi aliyefanya kazi machimboni. Lori lilikuwa limemshusha mbali kwa sababu ya matope, akatembea na cherehani kichwani, nzima na mbao yake. Alipoitua alibaki amesimama na shingo imekakamaa.

"Baba, hii mashine ya mke wangu, hii kichuma ya chini imevunjika," alisema. "Sijafungua. Nimeleta yote, si mlisema tulete?"

Matano akageuza mashine, akakitoa kichuma. Kilienea kwenye kiganja. Kingeingia kwenye bahasha.

"Mzee, umebeba yote hii kutoka Makongolosi?"

"Ningefanyaje, Baba?"

Matano alimletea chai yangu, akailipia yeye mwenyewe. Yule mzee alipolala kwenye benchi, Matano akachukua kalamu, na chini ya "Ufanye nini" akaandika: "Si lazima uje mwenyewe. Tuma kipande kilichovunjika tu." Akaisoma kwa sauti, mara moja. Jioni ile karatasi ikaingia posta.

Dar es Salaam hawakubadili neno. Kiwanda cha chapa cha misheni kikazipiga nakala, na Bwana Muhidini akatuma nakala kwa kila aliyekuwa na dhamana hai. Madai yakaanza kuja yamenyooka, kwa posta, na yakakubaliwa kwa wingi. Bwana Muhidini akauza cherehani kuliko wakati wowote, akawa anajisifu kwamba wazo lilikuwa lake. Andendekisye alipewa kichuma chake kipya. Benchi likabaki tupu. Vumbi likakaa pale walipokuwa wakikaa watu, nikawa nalipangusa mimi, kwa uchungu tu.

Kabla tu dhamana ya Mwanakhamisi haijaisha, bahasha ikaja kutoka Iringa. Ndani yake kichuma cha bobini kimevunjika, kimefungwa kitambaa cha kanga. Namba ya mashine, sawa. Tarehe ya kununua, sawa. Siku kasoro ilipoonekana, sawa. Wiki moja tu ilikuwa imepita. Na chini, kwa mkono wake: "Mashine sijaifungua. Nilikuwa nimeshafunga mizigo ya kuja, nikaisoma karatasi, nikaona si lazima. Ahsante kwa kuandika vizuri."

Matano aliisoma akiwa amesimama. Akaenda kulishughulikia dai siku ile ile, na kichuma kipya kilipofika akakituma Iringa kwa basi, na barua.

"Umemwandikia?" nikamuuliza, moyo ukinidunda kana kwamba posa ni yangu.

"Nimemwandikia kwamba dai lake limekubaliwa."

"Na jingine?"

Alivaa koti la pili kwanza, akafunga vifungo vyote.

"Na aitie mashine mafuta," akasema.