Msemaji wa Meza Yetu

Waliotaka kutuharibia siku ile walikuwa wawili. Nitawataja kwa kazi zao tu, maana majina yao siku hizi yamebebwa na wajukuu wasio na kosa. Wa kwanza ni nyapara wa genge letu la kung'oa visiki, kambi ya karanga ya Nachingwea. Wa pili ni mtoto wa karani wa Ruangwa, aliyekuja na viatu.

Karakana ya matrekta ilitaka wanagenzi wachache. Atakayechukuliwa angefundishwa injini, atakayeachwa angerudi kwenye visiki. Mimi mtu wa Ruponda, darasa nililoishia ni la pili, na visiki nilikuwa nimeng'oa vya kunitosha. Mgongo wangu mpaka leo unajua mvua kabla ya mawingu. Karakana ile niliitaka kama mtu anavyotaka kupona.

Siku moja kabla, nyapara alituita wagombea.

"Mzungu hapendi kelele," alisema. "Mtawekwa mezani pamoja mzungumze. Teueni mmoja mwenye ulimi awasemee, ninyi wengine mkae kwa adabu. Barazani si ndivyo?"

Ndivyo. Kwetu shauri lina mwenye kulisema, na walio nyuma yake husema naye kwa kunyamaza. Hakuna aliyembishia. Wala hakuna aliyemwuliza kama yeye mwenyewe amewahi kukaa kwenye meza hiyo.

Asubuhi tuliingia watu sita kwenye banda la mabati. Wazungu wawili, askari wa zamani wa vita, walikaa ukutani na karatasi magotini. Fundi mkufunzi, mtu wa Nyasa aliyekuwa nao jeshini, alitusomea swali. Lori ni moja. Kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitali, kambi haina maji, na trekta limekwama porini linangoja chuma cha kubadilisha. Mvua inakuja. Lori lianze wapi?

"Zungumzeni mpaka mkubaliane," alisema. "Hakuna mwenyekiti. Sisi hatupo."

Tuliwatazama wale wasiokuwepo. Mmoja alikuwa anachonga penseli.

Kwa adabu za nyapara tukamteua mtoto wa karani, aliyekuwa na Kiswahili cha kupigwa pasi. Alianza kusema na hakuona pa kutua. Mgonjwa kwanza, kwa sababu ya utu. Halafu chuma, kwa sababu ya kazi. Maji yatafuata, kwa sababu ya subira.

Kando yangu alikaa kijana wa Lionja, Mmwera kama mimi ila Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, cha kuuzia ufuta. Alisema chini chini, "Hospitali na mtoni njia moja. Mapipa ya maji yapande na mgonjwa."

"Sema kwa sauti, ndugu," akasema mtoto wa karani. "Au unaongea na siafu?"

Wakacheka. Kijana wa Lionja akatazama mikono yake. Basi nikamwinamia msemaji nikampa lile neno sikioni, kama tufanyavyo barazani. Akalipokea, akanyoosha kola, akasema, "Nimefikiri hivi: mapipa yapande na mgonjwa."

Nimefikiri. Pale ndipo nilipoziona penseli. Akisema yeye, zinakimbia. Tukinyamaza sisi, zinalala. Ile adabu yetu yote haikuwa na mahali pa kuandikwa, na watu watano tulikuwa tunashindwa mtihani kwa heshima kabisa.

Mchana walitutoa nje. Walikuwa wamechora mistari miwili ya chokaa ardhini, wakasema huo ni mto. Katikati magogo mawili mafupi, hivyo ni visiwa. Tulipewa mbao mbili na debe la maji. Wote tuvuke na debe, na asiyekaa juu ya ubao au gogo amekufa maji. Kila ubao ulifika kutoka kituo kimoja mpaka cha pili tu. Nafasi za kuvuka zilikuwa tatu, mbao mbili.

Kabla hatujaanza niliapa moyoni kwamba leo nitasikika. Lakini nilikuwa nimeshamwona msemaji anavyosikika, nikasema si hivyo.

"Twendeni, twendeni," mtoto wa karani alikuwa ameshapanda. Tulifika kisiwa cha pili tumebanana kama samaki wa kukaushwa, na mbele hatuna ubao. Akaanza kuamuru. Wewe rudi, wewe ruka, wewe shika debe, hapana, wewe. Kila mtu alitii amri ya mwisho aliyoisikia, na zilikuwa nyingi.

Nikamsikia tena yule wa Lionja akinong'ona nyuma yangu.

"Ngojeni," nilisema, kwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya shamba. "Mwenzetu ameona kitu. Sema, kaka. Kimwera kama Kiswahili hakiji, nitakigeuza mimi."

Hata mtoto wa karani alifunga mdomo, nadhani kwa mshangao.

"Wote tusimame ubao huu," alisema yule kijana, kwa Kiswahili chake hicho hicho. "Ule wa nyuma hauna mtu. Tuuvute uje mbele."

"Mnasemaje?" niliwauliza wengine. Mmoja akasema ubao utapinda, mzito akae juu ya gogo. Neno zuri, tukalichukua. Mwingine alikuwa na mikono mirefu, akauvuta ubao, tukaupitisha juu ya vichwa. Mtoto wa karani alirudia kuamuru pale debe lilipofika kwake, akainua kidole kutuonyesha njia, na maji yakamwingia kwenye viatu. Tulivuka.

Jioni walituita mmoja mmoja. Waliotangulia walitoka na habari: unaulizwa wazo la mapipa na mgonjwa lilikuwa la nani.

"Umejibuje?" nilimwuliza mmoja.

"La msemaji wetu. Si ndiye aliyelisema?"

Hawakusema uongo. Barazani neno likishapita kwa msemaji ni lake na ni letu, na kumvua nguo msemaji mbele za watu ni kujivua wote. Niliingia nikilijua hilo. Nilijua pia kwamba nikikaa na heshima hiyo, kesho asubuhi nitakaa nayo kwenye kisiki.

"Lilitoka kwa mtu wa Lionja," nilisema. "Nililipeleka mimi. Akalisema msemaji. Ukimwandika mmoja umeacha wawili."

Fundi mkufunzi aliinua uso. "Mbona asubuhi hukulisema mwenyewe?"

"Tuliambiwa kunyamaza ndiko kufaulu."

"Na nani?"

Nikamtaja nyapara, jina lake na la baba yake.

Yaliposomwa matokeo, kutoka kundi letu walitoka wawili: mtu wa Lionja na mimi. Karanga zenyewe baadaye zilikufa, matrekta yakaondoka, wakubwa wakaondoka nayo. Ufundi haukuondoka, nimekula nao mpaka leo. Mtoto wa karani hawakumpa karakana. Walimpa ofisi, kazi ya kuita watu majina dirishani, na miaka yote aliyokaa pale sikumbuki akirudia jina kwa asiyesikia. Mtu asiyejua kusikiliza wakamlipa kwa kusema. Hilo sijawasamehe.

Asubuhi tulipokuwa tunakunja mikeka kuhamia karakana, nyapara alikuja kutupa mkono.

"Mnaona?" alisema. "Si niliwaambia adabu inalipa?"

Mimi nilikuwa natafuta jibu la kumchoma. Yule kijana wa Lionja aliweka mkeka wake chini, akamtazama nyapara usoni, akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni:

"Hapana."