Maabara Isiyokuwa na Mgonjwa

Ni kweli kwamba niliogopa kuandika neno saratani. Kwa muda mrefu nilikana. Nilisema muda haukutosha, na nilipobanwa nikasema si kazi ya mtu wa kujaribu programu kubuni magonjwa. Nilikuwa na visingizio vizuri. Nilisomea fasihi chuo kikuu kabla ya kuingia kwenye kazi ya kompyuta.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili mtaa wa Nyanchwa, Kisii. Tulikuwa tukitengeneza mfumo wa zahanati: daktari anatuma ombi la kipimo kwa maabara kubwa ya Nairobi, majibu yanarudi kwenye skrini yake. Kisha maabara ile ikaanza kuhamisha seva zake, na mfumo wao wa majaribio ukazimika. Zahanati zilikuwa zinatusubiri. Kwa hiyo nikaandika maabara bandia, programu ndogo inayopokea ombi lilelile na kurudisha jibu lililoandikwa tayari, kwa umbo lilelile la maabara halisi. Mfumo wetu haukuweza kujua kwamba unaongea na mimi.

Waraka wa maabara ulieleza majibu ya aina mbili. Likiwa zuri, linakuja na alama ya "tayari" na maelezo yake. Likiwa baya, linakuja na alama ya "limezuiwa", bila maelezo, mpaka daktari apige simu. Aya hiyo niliisoma. Lakini kila mgonjwa wa majaribio lazima awe na jina, na majina niliyokuwa nayo kichwani yalikuwa ya watu wa kwetu Gesima. Nikaandika majibu mazuri tupu.

Mwenzangu aliyeandika programu ya zahanati alicheka.

"Mwalimu," aliniambia, maana niliwahi kufundisha, "kwa maabara yako hii Gesima nzima ni wazima. Si tufunge zahanati twende kuchuma chai?"

"Wewe andika programu yako. Wagonjwa niachie mimi."

Majaribio yote yalipita. Seva za Nairobi ziliporudi, tulipaswa kurudia kila kitu kwa mfumo halisi. Tulijaribu majibu machache tu, mazuri yote, tukapongezana kwa chai na mandazi.

Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, alikuwa na uvimbe titini. Zahanati ya karibu na kwake ilikata kipande ikakipeleka Nairobi. Mimi ndiye niliyemwambia aende huko, kwa kuwa walikuwa wanatumia mfumo wetu, nami nilijivuna.

Alirudi huko mara kadhaa, na kila mara skrini ilisema "bado". Alinipigia simu.

"Mwanangu, hiyo kompyuta yako inasoma polepole kama darasa la kwanza?"

"Nairobi ni mbali, mama. Subiri kidogo."

"Nairobi watu wanaenda asubuhi wanarudi jioni!"

Tulicheka. Msimu wa mvua uliisha, na siku moja alisema hachumi tena chai kwa sababu mgongo unamuuma. Hapo tu ndipo nilipofungua kumbukumbu za mfumo. Jibu lake lilikuwa limefika kitambo, na mfumo wetu uliliuliza kila saa na kila saa likajibu vilevile: limezuiwa. Mwenzangu alikuwa ameandika kwamba alama yoyote isiyojulikana ionyeshwe kama "bado". Hakuwa na sababu ya kuijua ile nyingine, kwa sababu maabara yangu haikuwahi kuitamka hata mara moja.

Nilimwita aone. Hakunitania. Alivuta kiti, akaketi, akasema, "Tuwatafute wengine." Walikuwepo. Tulizipigia zahanati zao siku hiyohiyo.

Daktari wa mama mdogo aliipigia maabara, akaambiwa ni saratani. Wakampeleka Kisii mjini kupigwa picha za mwili. Kwenye fomu mama mdogo alikuwa ameandika namba yangu, si ya watoto wake. Alimwambia muuguzi kwamba mimi ndiye ninayeelewa mambo ya kompyuta.

Simu ya daktari wa Kisii ilinikuta Keroka, nimesimama kando ya lori la ndizi, na ilibidi nizibe sikio moja.

"Hatutafanya upasuaji," alisema. "Imefika kwenye mifupa ya mgongo. Tutatibu maumivu."

"Daktari, kama jibu lingeonekana siku lilipofika?"

"Huenda bado ilikuwa titini tu. Huenda haikuwa. Hilo sitakudanganya kwamba ninalijua." Kisha akauliza, "Mgonjwa yuko hapa nje. Nimwambie mimi, au utakuja umwambie wewe?"

"Usimwambie kitu," nikasema. "Nakuja. Nitamwambia mimi, pamoja na lile la kompyuta."