Pesa ya Jumapili Ilifika Jumanne Imekonda

Mama alipoanza kumsalimia dada wa kaunta kwa kirefu, nilijua kuna shida. Mama ni Mkenya wa bara na salamu yake ya kawaida ni "umefika?", kisha kazi. Ghafla akawa anauliza habari za watoto, za majirani, hadi za goti la shangazi wa huyo dada kule Tanga. Halafu jioni anaondoka na mashine ya kadi mkobani, ameikumbatia kama kitoto kichanga.

Duka letu liko Hyattsville, huku ughaibuni. Tunauza unga, majani ya chai, maharagwe, na pale kwenye kona chai ya moto na mandazi. Baada ya shule nabeba magunia, naingiza hesabu kwenye kompyuta na kuchekesha wateja. Hiyo ya tatu hakuna aliyeniajiri, najitolea.

"Mama yako ana nini na mimi?" dada aliniuliza siku moja akipanga pakiti za chai.

"Anakupenda."

"Mdogo wangu, adabu ikizidi hivi, mtu anatafuta namna ya kukwambia uende."

Nikaenda kubeba gunia ambalo hakuna aliyeliomba.

Nilipata habari kamili kwenye gari, tukirudi nyumbani.

"Jumapili mashine inatoa karatasi ya mauzo," mama alisema. "Nikiangalia benki, pesa ni pungufu. Kila Jumapili. Na Jumapili nani yuko dukani peke yake?"

Ni dada. Sisi tuko kanisani, mimi nikihesabu mara ambazo mchungaji anasema "nikimalizia".

"Labda anarudishia rafiki zake pesa kwenye kadi," akaendelea. "Mwezi ukiisha, namwachisha."

"Umemuuliza?"

"Mtu anaulizwa aje kitu kama hicho?"

Hapo nikaona hasa kilichokuwa kinafanyika. Dada alikuwa ameshtakiwa, amehukumiwa, na bado anaulizwa habari za goti la shangazi yake.

Vitabu vyetu viliwekwa vile mama alivyotaka: pesa ya kadi ikiingia benki, hayo ndiyo mauzo, na siku yake ni siku iliyoingia. Jumamosi, wateja walipopungua, nikafungua tovuti ya kampuni inayotushughulikia malipo ya kadi. Mama alikuwa hajawahi kuingia humo tangu siku ya kujisajili. Kila fungu walilotuma benki lilikuwa limechambuliwa: mauzo kamili, ada yao, pesa zilizorudishwa kwa wateja, kisha kilichobaki. Nikapitia Jumapili moja baada ya nyingine. Zilizorudishwa: sufuri, zote.

Nikamwita mama.

"Jumatatu ulipoangalia benki, uliona pesa ya Ijumaa," nikamwambia. "Ya Jumapili inafika Jumanne. Ulikuwa unalinganisha siku mbili tofauti."

"Na Jumanne nayo ni pungufu."

"Kwa sababu wanakata ada yao kwanza. Asilimia kidogo, halafu senti kadhaa juu ya kila kadi inayoguswa. Jumamosi mtu ananunua gunia na maharagwe ya mwezi, kadi moja. Jumapili watu wa kanisa letu wanakuja kunywa chai, kila mtu na kadi yake, kila mtu na andazi lake. Zile senti zinakatwa kwa kila kikombe."

Mama akavaa miwani, akasoma mwenyewe.

"Kwa hivyo mwizi ni nani?"

"Hakuna. Kuna mkataba uliousaini bila kusoma."

Aliangalia miguu yake, nadhani akikumbuka kwamba amevaa viatu vya kamba na si ndala ya kunirushia. Nikasogea hata hivyo.

Tukarekebisha vitabu. Sasa mauzo yanaandikwa yote, siku ileile ya mauzo, na pesa inawekwa kwenye akaunti niliyoiita Iliyo Njiani. Ikifika benki, kilichofika kinaandikwa benki, ada inaandikwa kwenye gharama, na Iliyo Njiani inapungua kwa jumla ya vyote viwili. Tulipofika Jumapili ya mwisho iliyokwisha kulipwa, ilisoma sufuri. Sijawahi kupenda sufuri kiasi hicho, na nimezipata kadhaa shuleni.

Mama alienda kaunta bila kusalimia.

"Nilidhani unaniibia," akasema. "Nilikosea. Hesabu ni yangu, sikuielewa. Nisamehe."

Dada alimhudumia kwanza mteja aliyekuwa akisubiri, akampa risiti. Kisha akafuta kaunta, ingawa ilikuwa safi.

"Nilijua, mama. Nimeshaanza kuulizia kazi Woodbridge."

"Usiende."

"Nitabaki. Lakini hiyo hesabu ya kadi isifunguliwe tena mimi sipo. Nikae nanyi, nione ninachodhaniwa."

Mama hakupenda, nilimwona. Kumfungulia mfanyakazi vitabu ni kama kumwonyesha vyumba vya ndani. Lakini akaitoa mashine mkobani, akaiweka kaunta.

"Jumanne basi," akasema. "Uje mapema."