Walimpa Rangi, Wakasahau Kitambaa

Mimi nauza vitambaa karibu na Soko Kuu hapa Arusha, na mkiniona nimenyamaza nyuma ya meza msidhani sioni. Naona sana. Tangu ije ruksa ya kuagiza bidhaa nje na mabando ya Dubai yaanze kushushwa mlangoni kwangu, mji huu umepata wazimu wa nguo. Zamani tulipanga foleni, tukavaa kilichopatikana, na hakuna aliyemuuliza mwenzake mbona umevaa hivyo. Siku hizi kila shughuli ina kamati, kila kamati ina sare, na kila sare ina mwenyekiti anayekuja kunipandishia pua dukani.

Leo nataka kumsema Ndeshi, na simsemi kwa ubaya. Ni shoga yangu. Yeye Mchaga wa Machame, Mlutheri, mimi Mwislamu na asili yangu Pangani, lakini watoto wetu walikua pamoja Sekei. Yeye ananiita Mama Salwa, mimi namwita Mama Eli, kwa bintiye Elifuraha. Alifanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya watalii, na jamani, yule mwanamke alijua kuvaa! Hata enzi za foleni alikuwa anageuza pazia likawa sketi, na wewe uliyemwona unamuuliza ameitoa wapi.

Kisha mumewe akafariki. Abdiel alikuwa mkufunzi wa chuo cha misitu kule Olmotonyi, mtu mpole, mtanashati kama mkewe, haendi hata sokoni bila tai. Msiba ulipoisha, ndugu wa marehemu wakakaa kikao, wakiongozwa na dada mtu, Tabitha. Wakaamua mjane avae nyeusi tupu mwaka mzima. Hakuna ua, hakuna mstari, hakuna rangi nyingine. Tabitha mwenyewe akamletea gauni la tetroni, jeusi kuanzia shingoni hadi kwenye kifundo cha mguu, limenyooka tu, na kitambaa cha kichwa cha tetroni hiyohiyo.

Ndeshi akalivaa. Maskini, lilimmeza. Ulikuwa unaona weusi unatembea na uso umewekwa juu yake. Lilipofuliwa mara mbili tatu likaanza kuwa jekundu-jekundu kama chai ya rangi, wakati kitambaa cha kichwa kimebaki cheusi. Nyeusi mbili za kitambaa kimoja zisipolingana, kila mtu anajua moja imechuja. Akaja dukani, akakaa juu ya bando, akalia hadi nikafunga mlango.

"Mama Salwa," akasema, "nikijitazama kwenye kioo naona na mimi nimezikwa."

Akapangusa macho, akaanza kupapasa vitambaa vyangu kama alivyozoea. Akashika mahameli, akashika lesi, akashika shifoni. Mkono ukasimama.

"Hivi wifi yangu alisema nini hasa?"

"Alisema uvae nyeusi tupu."

"Alisema rangi," akasema. "Kitambaa hakusema."

Wallahi, hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Basi mwenzangu akaingia kazini. Kwenye mitumba akapata sketi ya sufu, nyeusi nzito isiyong'aa hata kidogo. Juu yake blauzi ya shifoni yenye mikunjo myembamba kifuani. Kola akaitia mahameli. Kichwani lesi, ili nywele zionekane kwa mbali na uso upate kupumua. Akavaa ushanga mweusi wa vioo, mshipi wa ngozi kiunoni ili nguo isishuke moja kwa moja kama gunia, na viatu vya suedi, ile ngozi isiyong'aa. Mimi nauza vitambaa, lakini yeye ndiye aliyenipa maneno yake: weka kinachomeza mwanga karibu na kinachorudisha mwanga, jicho litapata pa kutembea. Tena vitambaa vikiwa tofauti, hata nyeusi moja ikiipita nyingine kidogo, watu wataona umekusudia.

Na shingoni, pale kola inapokutana, akabana kitu kimoja tu cha dhahabu, kidogo, chenye umbo la punje ya buni. Nilimwuliza ni nini hicho. Akaniambia, tena nikaapa sitamwambia mtu, na sikumwambia.

Siku ya kwanza Tabitha kumwona hivyo nilikuwepo. Alikuja Sekei na ndugu wawili, akasimama mlangoni, mdomo wazi.

"Wifi, hii ni nini?"

"Nyeusi, wifi."

"Mbona inang'aa?"

"Inang'aa nyeusi, wifi."

Akazunguka nyuma yake. Akavuta sketi. Akainua ncha ya lesi. Ndugu mmoja akasema kwa sauti ya kikao kwamba mjane hapendezi, akipendeza kuna jambo. Wakatafuta nyeupe, wakatafuta bluu, wakakosa. Mwisho Tabitha akanyoosha kidole shingoni. "Na hiyo dhahabu? Unamfurahisha nani?"

Ndeshi akainyoosha kola yake. "Ni kibanio tu," akasema.

Walipoondoka nikamwambia, Mama Eli, si umweleze akome? Akasema, "Asiyekitambua nimweleze mimi?" Aliumia, nikaona.

Mwaka wa nyeusi haujaisha, mchumba wa Elifuraha akapata nafasi ya kusoma nje. Ikabidi harusi iwahishwe, na kabla ya harusi ni sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti na kumkabidhi kwa wakwe. Kamati ikaundwa. Mwenyekiti nani? Tabitha, tena hakuna aliyemchagua, alikaa tu kwenye kiti chenye mikono.

Kamati ikapitisha kwamba akina mama wote wa upande wa binti wavae nyeupe tupu. Satini, bando moja, mshono mmoja, kilemba hichohicho, viatu vyeupe, soksi nyeupe, hata mikoba myeupe, ili video ipendeze. Walikuja kununua kwangu. Nikawaambia, akina mama, chukueni na lesi kidogo, au hata shali ya uzi, mkaweke shanga za rangi karibu na uso, maana satini nyeupe ya mtu mzima kuanzia utosini hadi unyayoni itawafuta. Tabitha akaniambia, "Mama Salwa, sisi tunanunua kitambaa, ushauri tunao." Haya. Nikapima, nikakata.

Halafu likaja lile lenyewe. Kwa kuwa mjane yuko kwenye nyeusi na nyeusi itaharibu picha, mama mzazi akae nyuma, karibu na nguzo. Elifuraha atakabidhiwa na shangazi.

Ndeshi aliniletea habari hiyo akiwa amekauka, hata machozi hayapo. "Wamenivika nyeusi wao. Sasa nyeusi waliyonivika wao ndiyo inanizuia kumshika mtoto wangu mkono. Nimemzaa mimi, Mama Salwa. Baba yake hayupo, na mimi nikikaa nyuma ya nguzo, mtoto anatolewa na nani?"

Nikamwambia agome. Akasema akigoma atamharibia Eli siku yake mbele ya wakwe. Binti naye alikwenda kumlilia shangazi, akajibiwa ni uamuzi wa kamati. Basi mama mtu akafanya alichoachiwa: akamshonea bintiye gauni. Kamati ilitaka jeupe, akalifanya jeupe, lakini si satini yao. Alichagua lesi nzito yenye weupe wa maziwa, akaitandika juu ya kitambaa kisichong'aa chenye rangi ya ngozi ya mtoto mwenyewe ili maua ya lesi yajitokeze, na shingoni lulu. Lesi ilitoka dukani kwangu, na nilipoiona nikatamani kuinunua upya mwenyewe.

Siku ikafika, ukumbi uko Elerai. Mpiga video alikuwa Khalfani, kijana wa majirani zangu, na kwa fasheni ya mwaka ule alikuwa ameunganisha kamera yake na runinga mbili kubwa ili kila mgeni aone. Akina mama wa kamati wakaingia kwa mbwembwe, wanacheza mistari miwili. Khalfani akawasha ile taa yake kali.

Ehe! Satini ikaipokea taa yote na kuirudisha. Kwenye runinga hukuona mtu. Uliona shuka moja pana linatikisika, na kamera kwa kuukimbia ule weupe ikazitia nyuso giza, ikawa shuka lenye matundu kumi na kitu juu. Huwezi kujua nani shangazi, nani jirani. Mmoja alipunga mkono, mkoba wake mweupe ukapotelea tumboni kwake mwenyewe. Nilicheka, Mungu anisamehe, nikajifunika mtandio.

Katikati ya shuka akapita Elifuraha, na lo, mtoto alionekana kila ua la lesi yake. Khalfani akamfuata kwa raha.

Mzee Sifael, mkubwa wa upande wa bwana harusi, alikuwa amekaza macho kwenye runinga. Akasimama. "Jamani," akasema, "binti namwona, amependeza. Ila sijaona mtu wa kunikabidhi. Mama yake yuko wapi?"

Tabitha akatoka mbele na kipaza sauti. "Nipo mimi shangazi, baba."

"Nasikia sauti," mzee akasema, bado anatazama runinga. Ukumbi ukaangua kicheko.

Khalfani, masikini, akageuza kamera huku na huku atafute kitu ambacho kitatulia kwenye kioo. Akamkuta Ndeshi pale nguzoni. Na runinga zikamchukua vizuri: sufu imetulia, mahameli imemeza taa, shanga zinameta kidogokidogo, na uso wake mzima, macho yamejaa machozi, yanamtazama binti. Khalfani akamvuta karibu. Akamvuta tena. Kile kibanio cha dhahabu kikajaa kwenye kioo, buni na mfereji wake katikati.

Tabitha alikuwa anatazama runinga kama sisi wote. Nikaona mkono wenye kipaza sauti unashuka.

Maana kile kilikuwa kibanio cha tai ya Abdiel. Tabitha mwenyewe ndiye aliyekitengenezesha kwa sonara wa Moshi, akampa kaka yake siku alipomwoa Ndeshi, kwa kuwa baba yao aliwasomesha wote kwa kahawa. Miezi yote ile alikinyooshea kidole wala hakukitazama, alikuwa anatafuta rangi.

"Hicho ni cha kaka," akasema, na kipaza sauti kikasema kwa ukumbi mzima.

Hakuna aliyecheka sasa. Akaenda hadi nguzoni na satini yake inachakarika. "Wifi, kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza namfurahisha nani," Ndeshi akasema. "Nilikuwa namfurahisha yeye."

Tabitha akalia kwa sauti, akamshika mkono, akampeleka mbele mwenyewe. Ndeshi akauchukua mkono wa Elifuraha, akauweka kwenye mkono wa Mzee Sifael. Binti akainama, akakigusa kile kibanio kwa kidole, akasema kwa sauti ndogo iliyofika hadi nilipokaa, "Shikamoo, baba."