Saluni, Basi Andika

Ilianza Alhamisi moja ya likizo ya Agosti, saa nane na dakika ishirini mchana, nikiwa peke yangu katika saiba ya mama mdogo, duka lake la kompyuta na kuchapisha, Ukunda. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nikiitazama, nikiomba asiingie mtu mpaka nifunge. Mama mdogo alikwenda matangani Msambweni, akaniachia funguo, printa na neno moja: "Wateja hawaumi." Ananijua. Naweza kuchapa kurasa kumi bila kosa, lakini kumwuliza mtu mzima swali, hata lile la "unataka ya rangi au nyeusi?", kunanitoa jasho la mgongo.

Akaingia mwanamke mrefu, amevaa fulana ya hoteli moja ya Diani, kucha nyekundu, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo," nikaiambia kibodi.

"Marahaba, mrembo. Niandikie mpango wa biashara."

Nikasubiri aendelee. Naye akasubiri nianze.

"Wa... biashara gani, dada?"

"Saluni."

"Saluni ya..."

"Saluni, mrembo! Hujui saluni? Basi andika."

Akaketi kwenye kiti cha wateja, akavua viatu, na shida yake ikatoka yote bila mimi kuuliza. Kazi ya hoteli ilikwisha pamoja na mkataba. Nyuma ya soko kulikuwa na chumba kizuri, na mwenye chumba angemsubiri mpaka kesho adhuhuri tu. Baada ya hapo anampa fundi wa simu. Pesa angezipata kwenye chama chao cha wanawake wa hotelini, kitakachokaa kesho saa tatu asubuhi. Alitaka elfu themanini. Lakini chama sasa hakikopeshi kwa maneno. Mwaka jana mwenzao alikopa ya duka la vipodozi, na mpaka leo hakuna aliyeonyeshwa mlango wa duka hilo.

"Kwa hiyo wanataka karatasi," akasema. "Karatasi nene."

Nami nikafanya ambalo mtu mwenye haya yeyote angefanya. Nikaiuliza kompyuta. Ile programu ya kujibu kila kitu haina macho, wala haikukodolei. Nikaiandikia: nataka mpango wa biashara wa saluni. Haikuniuliza hata swali moja. Ikamwaga kurasa kumi na moja papo hapo.

Jamani, saluni ile! Ilikuwa na mlinzi wa mlangoni, mashine ya kahawa na meneja wa masoko. Ilihudumia wateja arobaini kwa siku. Faida yake ya mwaka nilipoiona, nikatamani kuacha shule.

Nikageuza kioo cha kompyuta aone. Dada akasoma taratibu, midomo ikicheza.

"Mimi nina meneja?"

"Imesema hivyo."

"Analala wapi? Chumba chenyewe ni cha viti viwili." Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akayapima macho yangu. "Lakini ni nene. Chapisha."

Nakiri mkono wangu ulikuwa tayari umefika kwenye printa. Kurasa kumi na moja ni pesa nzuri kwa saiba, na sikuwa na haja ya kufungua mdomo tena. Ila wale wateja arobaini walinikera. Nilikuwa nimekaa kwenye viti vya wasusi tangu nikiwa mdogo, nikitoka na makalio yaliyokufa ganzi. Arobaini? Kwa mikono ya nani?

Nikampelekea mama mdogo ujumbe. Akajibu kwa sauti, nyuma yake watu wakiimba mapambio ya matanga, akinong'ona kama mwizi: "Usimpe huo uongo, watamla mbichi. Tafuta tarakimu zake mwenyewe. Si zote, utamchosha. Chukua kila moja, iongeze mara mbili au ikate nusu. Kama duka halitikisiki, kisia tu, uandike kwamba umekisia. Kama duka linaanguka, hiyo lazima akuambie yeye. Na umwulize kwa mdomo, we msichana, si kwa macho!"

Nikaorodhesha kila kitu nisichokijua. Kodi. Bei ya kusuka. Vichwa kwa siku. Umeme. Maji. Mafuta na shampuu. Leseni. Vioo. Yalijaa nusu ukurasa, na kila moja ni swali, na kila swali ni mdomo wangu kufunguka mbele ya zile kucha.

Hapo ndipo shetani mdogo aliponinong'oneza. Mtu anayesukwa haulizi kitu. Mtu anayesukwa anaambiwa.

"Dada," nikasema, "ungenisuka rasta? Nitalipa. Huku mimi nachapa."

Akainuka kabla sijamaliza. Akavuka barabara, akarudi na pakiti za nywele na kitana cha mkia, akajiweka nyuma yangu. Mimi na kibodi mbele, yeye na kichwa changu nyuma. Mteja mmoja aliyekuja kutoa nakala ya kitambulisho alichungulia, akauliza kama amekosea mlango.

"Hujakosea," dada akamwambia. "Hapa tunatoa nakala na nywele."

Alipogawa nywele mstari wa kwanza tu, mdomo ukafunguka. Sikuuliza chochote. Niliambiwa kuhusu mtoto wake anayeanza shule, kuhusu mume wa jirani, kuhusu meneja wa hoteli aliyekula mkate wa wafanyakazi, na katikati ya hayo zikaanguka tarakimu kama mbegu za ukwaju.

"Yule mzee wa chumba ana roho ngumu! Elfu sita, hashuki hata mia."

Nikachapa: kodi, 6,000.

"Kichwa kama hiki mimi nachukua mia sita, nywele uje nazo. Wewe nitakupunguzia, una kichwa kidogo."

Nikachapa: 600.

"Halafu maji ya pale ni ya chumvi, mrembo. Shampuu haitoi povu, unasugua kama unafua gunia. Itabidi ninunue maji matamu ya mkokoteni."

Hapo nikashtuka. Ile mashine ya kurasa kumi na moja haikujua chumvi ya Ukunda! Nikaona nimeipata tarakimu kuu, nikaanza kuipigia hesabu kwa furaha. Nikakisia mia sita kwa mwezi. Nikaiongeza mara mbili kama nilivyoagizwa. Duka halikutikisika. Nikaudhika kidogo, maana nilikuwa nimeshaipenda. Nikaandika "kisio" pembeni, na leseni na umeme nikavifanyia vivyo hivyo.

Jua lilihama kutoka mlangoni hadi ukutani. Shingo ikaniuma. Nikapiga chafya, nikazabwa kwa kitana. Dada alipofunga msuko wa mwisho na kuuchovya kwenye maji moto, adhana ya magharibi ilikuwa imeshalia. Nikaitazama saa. Kichwa kimoja, kidogo, cha kupunguziwa, kilikula mchana mzima.

"Dada," nikasema, na safari hii sauti ilitoka yenyewe, "kwa siku unaweza vichwa vingapi?"

"Vingi tu."

"Vya rasta. Kwa mikono hiyo miwili."

Akaitazama mikono yake kana kwamba mtu kamwazima. "Viwili. Nikianza alfajiri."

"Na Jumatatu wanakuja wawili?"

"Jumatatu nani ana pesa? Mmoja, nikibahatika. Mpaka Alhamisi ni mmoja mmoja. Ijumaa na Jumamosi ndio wawili wawili."

Vichwa vinane kwa wiki, basi. Elfu nne na mia nane. Kwa mwezi wa wiki nne, elfu kumi na tisa na mia mbili. Nikatoa kodi. Nikatoa makisio yote pamoja, maji, umeme, leseni, mafuta na shampuu, elfu mbili na mia saba. Zikabaki elfu kumi na mia tano. Nikakata vichwa nusu, kujaribu: zikabaki mia tisa. Hiyo ndiyo tarakimu iliyokuwa imebeba duka zima kichwani, na ndiyo aliyoniambia "vingi tu".

"Mkopo wa themanini utalipa elfu nane kila mwezi," nikamwambia. Riba ya chama nilikuwa nimeshaisikia, ilikuja pamoja na habari za mume wa jirani. "Wewe unabaki na elfu mbili na mia tano."

"Hiyo ya kula?"

"Ya kula, na ya mtoto, na ya nauli."

Akakaa, akavuta viatu vyake kwa mguu. Nikaogopa nimemvunja moyo, na chumba kinakwenda kwa fundi wa simu kwa ajili ya ulimi wangu.

"Hizo themanini ni za nini?" nikauliza. Swali la pili lilikuwa jepesi kuliko la kwanza.

"Draya mbili za kukaushia nywele. Vioo vikubwa. Sofa ya kungojea."

"Rasta inataka draya?"

Akanitazama. Akaitazama kazi yake juu ya kichwa changu, iliyokauka kwa upepo wa feni ya saiba. "Wewe," akasema, "mama yako mdogo aliniambia juzi una haya."

Tukafuta sofa. Tukafuta draya. Ikabaki elfu arobaini, malipo elfu nne kwa mwezi, naye anabaki na elfu sita na mia tano. Karatasi ikatoka moja, pande mbili, na mstari niliouandika chini: kodi, bei na vichwa amesema mwenyewe, mengine tumekisia.

Akaipima kwa vidole. "Nyembamba, mrembo. Watasema nimedharau chama. Kesho uje uisome wewe."

Sikulala vizuri, kwa woga na kwa jinsi misuko ilivyonibana. Nilishindwa hata kukunja uso. Asubuhi, saa tatu, nilikuwa kwenye baraza ya nyumba ya mweka hazina, mbele ya wanawake waliokuwa wakinywa chai na mahamri. Nikasoma. Nilipomaliza, mweka hazina, mama mnene aliyefua mashuka ya watalii maisha yake yote, akaweka kikombe chini.

"Vichwa vinane kwa wiki. Nani kakuambia? Mwenzetu aliyekopa ya vipodozi alituandikia wateja mia."

"Nimesukwa, mama," nikasema. "Nilikaa tangu saa nane mpaka magharibi."

Wakanigeuza. Kweli. Wakanivuta misuko mmoja mmoja, wakachungulia mistari, mmoja akauliza kama inauma nikasema ndiyo, wakasema basi ni kazi nzuri. Mwingine akauliza maji. Nikamwambia ya pale ni ya chumvi, bei ya matamu ni kisio, na hata ikipanda mara mbili duka linasimama. Vichwa vikipungua nusu, halisimami. Wakatazamana.

"Arobaini tunampa," mweka hazina akasema. "Lakini haishiki mkononi. Kodi inakwenda kwa mzee moja kwa moja, na vifaa tunanunua naye." Akatoa simu yake, akavaa miwani, akamtumia mzee wa chumba kodi mbele ya macho yetu.

Dada alinikamata mkono, tukatoka karibu tukikimbia, maana mzee hakabidhi chumba kwa mpangaji asiye na kufuli lake mwenyewe. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi aliniambia nichague mimi. Nikamwuliza muuzaji, kwa sauti, ni kufuli lipi lisiloshika kutu upesi kwa upepo wa huku.