Mama, Swaumu na Damu ya Pua

Stashahada yangu ya uuguzi nimeitundika sebuleni, ikitazama mlango, ili anayeingia aione kabla hajavua viatu. Sioni haya kusema. Nilianza kwa kufua nguo za watu Muscat, nikajilipia chuo kwa jasho langu, nikarudi kule kule nikiwa muuguzi wa kuitwa sista, na nilipokuja nyumbani moja kwa moja, nikajenga Chang'ombe, nyumba ya vigae, mtaa wa nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Chumba chenye dirisha kubwa nikampa Mama, kwa sababu anasuka mikeka na anataka mwanga.

Mama aliwahi kuganda damu mguuni. Tangu hapo daktari alimwandikia vidonge vya kuifanya damu isigande ovyo, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Ramadhani ilipokaribia nilimwambia twende tukamuulize daktari kama anaweza kufunga. Akanijibu kwamba amefunga tangu hajavunja ungo, na kwamba daktari yule ni mdogo kuliko mkeka wake wa kuswalia. Nikamwacha. Nilikuwa na zamu, na Mama hashindiki.

Siku ya kisa hiki, tukiwa ndani ya mfungo, nilikuwa nyumbani. Ilikuwa baada ya alasiri, nimekaa ukumbini nakuna nazi ya futari. Mama alikuwa na mafua tangu juzi yake, kutwa anapenga kwa leso. Nikasikia anapenga mara moja kwa nguvu, kisha kimya, kisha sauti ya Mama mkubwa, dada yake, aliyekuja kufuturu kwetu:

"Inua kichwa, inua. Tazama dari."

Nilipoingia, Mama alikuwa kitandani shingo imekunjwa nyuma, damu inamtoka tundu la pua la kulia, na Mama mkubwa anammiminia maji utosini kwa kata. Ukili aliokuwa akiusuka kwa ajili ya mkeka ulikuwa sakafuni, umelowa.

"Mama mkubwa, naomba umwachie. Mama, keti, inama mbele."

"Damu si itamwagika yote," alisema Mama mkubwa. "Sie tumetibu pua kabla hujazaliwa. Kichwa nyuma, maji ya baridi, inarudi."

"Hairudi. Inashuka kooni. Hapo Mama anaimeza."

Mama, ambaye muda wote alikuwa ametulia kama anayesukwa nywele, alifumbua macho. "Naimeza?"

"Unaimeza."

"Na swaumu yangu?"

Sijawahi kuona mtu akiinama upesi namna ile. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kifua mbele, akatema kwenye bakuli nililomshikia. Nilishukuru kimoyomoyo. Maneno yangu yote ya chuoni kuhusu damu inayojaa tumboni na kumtapisha mtu, au kumwingia njia ya hewa, yasingefanya kazi nusu ya ile swaumu.

Mama mkubwa naye akaweka kata chini, akambana pua kwa juu, kwenye mfupa. Nikaushusha mkono wake. Mfupa haubanwi. Nilimbana Mama pale chini penye nyama laini, matundu yote mawili pamoja, kwa kidole gumba na cha shahada, nikamwambia apumue kwa mdomo na asizungumze. Nikatazama saa ya ukutani. Dakika kumi, bila kuchungulia.

"Tambi ziko jikoni," alisema Mama kwa sauti ya puani.

"Mama."

"Zitaungua."

"Ziungue."

Akautoa mkono wangu ili amwelekeze dada yake kuhusu tambi, na damu ikaanza upya. Nikabana tena, saa nikaianza mwanzo. Dada yake alirudi kutoka jikoni akiwa na hamu ya kutazama kama imekoma, nikamkatalia.

"Diploma gani hii ya kubana pua tu?" aliuliza. "Hata mie ningeenda Muscat."

Basi nikawaeleza, na nilieleza vizuri, kwa sababu kueleza nako nakuweza. Ndani ya pua, mbele kabisa, kwenye ukuta unaogawa matundu mawili, kuna vimishipa vyembamba vilivyolala chini ya ngozi laini. Mafua, kupenga kwa nguvu, kidole, hewa kavu, vyote huvichubua. Kimoja kikipasuka, mwili haungoji mganga. Mshipa wenyewe hujikunyata ili tundu lipungue. Kisha vijichembe vya damu hukimbilia pale, vikashikamana na kuziba. Kisha nyuzi nyembamba kupita kiasi hujisuka juu ya kile kizibo, zikakikaza.

"Kama ukili," Mama alisema puani.

"Kama ukili. Na ukiachia kabla hujafunga ncha?"

Alishika mkono wangu uliombana, akaukaza yeye mwenyewe.

Zilipotimia dakika kumi niliachia taratibu. Damu ikashuka. Nikabana kumi nyingine, hata Mama mkubwa akaketi. Nilipoachia, ilishuka tena, na Mama alipotema, bakuli likawa jekundu. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Nasikia kizunguzungu kidogo," alisema. "Ni njaa."

"Mama, vidonge vyako unavinywa vipi mwezi huu?"

"Vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Vyote viwili daku. Mchana si siwezi. Na nikifuturu nasahau, watu wengi."

Kwa hiyo nyuzi zilikuwa hazisukiki, na sababu ilikuwa vile vidonge viwili vya pamoja wakati wa daku. Pua ya kawaida ikigoma baada ya kubanwa sawasawa, unakwenda hospitali. Pua ya mtu anayetumia vidonge vile, hali amepauka na anasikia kizunguzungu, unakwenda mbio. Nilimwambia Mama mkubwa aite bajaji.

"Siendi," alisema Mama. "Watanitundikia maji. Ngoja magharibi, kumebaki kidogo."

"Mgonjwa ana ruhusa."

"Sijawahi kula mchana wa Ramadhani kwa ugonjwa. Hata nilipokuwa na mimba yako, nilifunga."

Nilipiga magoti mbele yake, nimeshika pua yake, nyuso zetu karibu. Nikamwambia: "Swaumu inalipika, Mama. Wewe nitakulipa kwa nini?"

Alinitazama. Kisha akamwambia dada yake, "Nipe baibui."

Ndani ya bajaji alikaa ameinama, bakuli mapajani, mie namkumbatia kwa mkono mmoja na kumbana kwa mwingine. Hospitali nilimwamkia mganga wa zamu, nikamweleza yote kwa mpangilio: imeanza lini, imebanwa muda gani, dawa ipi, kanywa vipi. Aliniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia. Alimpima Mama presha, akachukua damu ya vipimo, akamtoa mabonge ya damu, akaweka pamba yenye dawa ya kubana mishipa, kisha akapachika sifongo maalumu puani. Damu ikakoma. Mama alitundikiwa maji, akayatazama matone ya kwanza kwa huzuni, kisha akafumba macho. Adhana ilitukuta wodini. Nilimlisha tende, ingawa kwa maji yale swaumu ilikuwa imeshafunguka.

Daktari wake alimkataza kuacha vidonge kwa uamuzi wake mwenyewe, na akamkataza vilevile kuvinywa pamoja. Siku zilizobaki Mama hakufunga. Alisuka dirishani.

Baada ya Idi akaniambia anataka kulipa, na daktari akaridhia, ila saa za dawa akazipanga yeye, kidonge kimoja daku na kimoja futari. Nami nilikuwa na siku zangu za kulipa, tukafunga pamoja. Jioni, adhana ilipoisha, Mama alikula tende, akanywa maji, akafungua kiganja mbele ya uso wangu. Kidonge kimoja.

"Hesabu, nesi," alisema. "Usije ukasema nilikupunja."

Nikahesabu kwa sauti. Akakimeza, akaniomba nimsogezee tambi.