Mbuzi Wawili Wasio na Muhuri

Mimi si mtu wa kushtushwa na kitu. Shule niliacha darasa la nne, na kufikia miaka arobaini nilikuwa na bucha Kinoo, kando ya barabara, yenye jiko la kuchomea nyama ambalo watu wa maofisi walilifuata kutoka katikati ya jiji. Nani angenifundisha biashara?

Halafu ikaja homa ya Bonde la Ufa. Redio ikasema mifugo inakufa, watu nao wanakufa. Kufikia Jumatano jiko langu lilikuwa baridi. Nikaandika ukutani kwa rangi nyekundu: NYAMA YETU HAINA UGONJWA. Saa saba nikasimama nje nikala maini yaliyopitishwa motoni tu, damu ikinitiririka kidevuni. Watu wakapiga makofi. Jamaa mmoja wa tai akasema, "Boss, nikatie hivyo hivyo, na damu yake!"

Nyuma yake kulikuwa na mama wa afya, afisa anayekagua bucha zetu. Hakupiga makofi.

"Mzee, umeona ulichomfundisha huyo?"

"Nimemwondolea woga, madam."

"Umemwondolea woga ukamwachia hatari. Na siku mtu wa Kinoo akilazwa, huo ukuta utakuwa wa mwongo. Waambie tunachojua, tusichojua, na cha kufanya."

"Nikiwaambia hatujui, watakimbia!"

"Wamekimbia tayari."

Hapo alinipata. Nikapanda juu ya kreti ya soda, nikamwita yule wa tai arudishe maini niliyomkatia. Nikasema kwa sauti yangu ya mnada: "Nimekosea! Huu ugonjwa unatoka kwa mnyama mgonjwa, kwa damu yake, na kwa mbu. Umefika wapi, bado hatujui. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Ipike hadi damu iishe. Usichinje mnyama mgonjwa nyumbani, wala usimguse. Ukipata homa, nenda hospitali."

Mama mmoja mwenye kikapu akauliza, "Na hizi zako, zote zina muhuri?"

Ndani kulikuwa na mbuzi wawili niliowanunua kwa jirani, wamechinjiwa nyuma ya nyumba, kama tulivyofanya wote Kinoo tukiepuka foleni ya machinjioni. Mama wa afya alikuwa ananitazama. Ningeweza kusema ndiyo.

"Wawili hawana," nikasema. "Nawatoa."

"Angalau huyu anasema," yule mama wa kikapu akamwambia mwenzake.

Mbuzi walimwagiwa dawa, wakazikwa mbele ya watu, wachimbaji wakiwa wamevaa glavu. Jumamosi, bucha za jirani zikifukuza nzi kwa kukosa wateja, yule mama alirudi na kikapu chake, akakagua muhuri kwa kidole, akanunua kilo mbili. Nyuma yake walikuwa kumi na mmoja. Niliwahesabu.

Ukuta niliuandika upya, maneno ya mama wa afya, herufi kubwa. Wenye bucha nyingine wakaja kunakili, na mimi nikawaacha. Mbuzi wawili na rangi: ukweli ulinigharimu shilingi elfu tano mia nane na hamsini.